Umelikata Neno, Mwenzako Aijue Sababu

Afisa masoko wa kampuni ndogo ya vyakula vya mifugo ameandika meseji itakayotumwa kwa wafugaji 4,000 wa ng'ombe wa maziwa. Kabla haijaondoka, amemwomba mwenzake wa idara hiyohiyo aipitie. Kampuni hiyo ni ya mfano, nimeiunda kwa ajili ya makala haya, lakini makosa yaliyomo kwenye rasimu yake ni yaleyale yanayoonekana kila mara kwenye matangazo ya namna hii. Rasimu inasomeka hivi:

"Mfugaji! Chakula chetu bora cha ng’ombe kimethibitishwa kitaalamu kuongeza maziwa maradufu ndani ya wiki 1. Bei nafuu kuliko wote. Ofa ya muda mfupi! Piga sasa."

Mwenzake akaifungua kwenye kompyuta, akaiwekea komenti nne pembeni. Kwenye neno "maradufu" aliandika: "Hapana." Kwenye "kimethibitishwa kitaalamu": "Badilisha." Kwenye "kuliko wote": "Haijakaa sawa." Na mwishoni: "Boresha kidogo." Nusu saa baadaye rasimu ikarudi. "Maradufu" limekuwa "kwa kiasi kikubwa". "Kimethibitishwa kitaalamu" imekuwa "kimehakikiwa na wataalamu". "Bei nafuu kuliko wote" imekuwa "bei nafuu sana sokoni", na "Ofa ya muda mfupi!" imekuwa "Ofa kabambe!" Chini ya kila komenti mwandishi amejibu neno moja: "Sawa."

Mwandishi huyo hakufanya uvivu. Alitii kila alichoambiwa. Tatizo ni kwamba aliambiwa pana kasoro bila kuambiwa ni kasoro gani, kwa hiyo akabahatisha, na anayebahatisha hubadili neno huku kasoro ikibaki palepale. Meseji ya pili haina ubora wowote kuishinda ya kwanza. Ahadi bado haina ushahidi, mtaalamu bado hana jina, bei bado haijulikani, na mfugaji bado hajui apige namba ipi. Watu wawili wametumia muda wao na hakuna kilichosogea.

Ndiyo maana nashikilia kwamba sahihisho kwenye rasimu ya mwenzako halijakamilika mpaka liwe na sababu, na sababu hiyo iwe ya aina ambayo yeye mwenyewe anaweza kwenda kuihakiki. Turudi kwenye meseji ileile tuipitie upya, tuone komenti hizo zingeandikwaje.

Tuanze na "maradufu". Kwenye mafaili ya kampuni kuna ripoti ya majaribio. Ng'ombe 12 katika mashamba matatu walilishwa chakula hicho kwa siku 30, na wastani wa maziwa ukapanda kutoka lita 8 hadi lita 10 kwa siku. Mhariri anayejua kazi yake angeandika hivi pembeni:

"Nimeondoa 'maradufu' na 'wiki 1'. Ripoti ya majaribio tuliyonayo, ukurasa wa 2, inaonyesha wastani ulitoka lita 8 ukafika 10 baada ya siku 30. Hiyo ni robo zaidi. Mfugaji anapima kwa ndoo yake kila asubuhi. Tukimwahidi 16 akakuta 10, hatanunua mfuko wa pili. Nimeweka 'wastani wa lita 2 kwa siku'. Kama kuna ripoti nyingine yenye matokeo makubwa zaidi, iweke hapa nami nitarudisha neno lako."

Komenti hiyo ni ndefu kuliko "Hapana", na urefu wake una faida. Inasema kilichoguswa. Inataja ushahidi ulipo, mpaka ukurasa, ili mwandishi asilazimike kumwamini mhariri kwa sababu tu ni mhariri. Inamweka mfugaji na ndoo yake mbele ya macho ya mwandishi. Inatoa maneno mbadala. Mwishoni inaeleza ni kitu gani kingemfanya mhariri abadili msimamo, na sehemu hiyo ya mwisho ndiyo ninayoithamini kuliko zote. Sababu iliyoandikwa wazi inaweza kupingwa. Huenda mwandishi ana ripoti mpya ambayo mhariri hajaiona. Kwenye "Hapana" tupu hana pa kuanzia kujibu, kwa hiyo anajibu "Sawa" na ushahidi wake unabaki kwenye droo.

Kuna kingine kinachozuilika hapo. Mwandishi aliyeambiwa tu kwamba "maradufu" limezidi anaweza kurudi na "huongeza hadi lita 4", kwa sababu kweli kwenye majaribio kulikuwa na ng'ombe mmoja aliyepanda kwa lita 4. Maneno hayo si uongo, lakini yanampotosha mfugaji kwa kiasi kilekile, kwa kuwa wengi watapata nusu ya hizo. Aliyekwisha kusoma kuhusu ndoo ya mfugaji hatahitaji komenti nyingine ya kumkanya kuhusu "hadi". Sababu moja imetibu sentensi ambayo ilikuwa bado haijaandikwa.

Kwenye "wiki 1" mhariri anaweza kuongeza mstari mmoja, kama anaujua mfugo. Ng'ombe habadilishiwi chakula ghafla. Vijidudu vinavyosaga malisho tumboni mwake vinahitaji muda wa kuzoea, na washauri wa mifugo hupendekeza chakula kipya kiongezwe kidogokidogo kwa wiki moja hadi mbili. Tangazo linaloahidi matokeo ndani ya wiki moja linamsukuma mfugaji amwagie ng'ombe chakula kingi siku ya kwanza, na ng'ombe aliyeshindiliwa nafaka ghafla huweza kuugua tumbo. Hapo sababu imevuka mauzo na kugusa usalama wa mnyama. Komenti ya namna hiyo mhariri aitie alama ya "LAZIMA" mbele, mwandishi asije akaichukulia kama suala la ladha.

Alama iliyokula pesa

Sahihisho la pili kwenye meseji hii ni dogo kiasi kwamba wengi wangelifanya kimyakimya. Tazama neno "ng’ombe" kwenye rasimu. Kile kialama cha juu kimepinda, kama mkia. Programu za kuandikia, Word na Google Docs zikiwamo, hukipinda zenyewe mara unapobonyeza kitufe chake, kwa sababu kikipinda hupendeza kwenye karatasi. Kwenye meseji ya simu kinaleta hasara.

Mwandishi alihesabu herufi zake kwa uangalifu. Ukijumlisha na nafasi, rasimu ina herufi 160 kamili, na kila mtu wa masoko anajua kwamba meseji moja hubeba 160. Kiwango hicho kinatokana na nafasi iliyotengwa: meseji moja hubeba biti 1,120, na kila alama iliyomo kwenye orodha ya kawaida ya GSM hutumia biti 7. Kialama kilichonyooka kimo kwenye orodha hiyo. Kilichopinda hakimo. Ikitokea alama moja tu iliyo nje ya orodha, meseji nzima huandikwa kwa mfumo mwingine ambao kila alama hutumia biti 16, na nafasi ileile sasa inabeba alama 70 tu. Meseji ikizidi hapo hukatwa vipande, na kila kipande hubeba alama 67, kwa kuwa nafasi kidogo huchukuliwa na maelezo ya kuviunga tena kwenye simu ya mpokeaji. Alama 160 zinahitaji vipande vitatu. Kampuni inayodhani inatuma meseji 4,000 italipishwa 12,000.

Hebu fikiria mhariri amekinyoosha kialama hicho kimyakimya. Meseji itaondoka salama. Mwezi ujao mwandishi yuleyule ataandika tangazo jipya lenye "ng’ombe", au "ng’ambo", au nukta tatu ambazo programu imezibana kuwa alama moja, au kistari kirefu, au kikaragosi cha uso unaocheka, na bili itapanda tena mara tatu bila mtu kujua kwa nini. Komenti yenye sababu ingekuwa hivi:

"Nimenyoosha kialama kwenye ng'ombe. Kilichopinda hakimo kwenye alama za kawaida za meseji, kwa hiyo kikomo chetu kinashuka kutoka 160 hadi 70 na meseji hii inakuwa vipande 3. Kwa wateja 4,000 tutalipia 12,000. Ukiandikia Google Docs, ingia Tools, kisha Preferences, uondoe tiki kwenye 'Use smart quotes'. Ukiandikia Word, bandika kwanza kwenye Notepad uyakague yote kabla ya kutuma."

Kiswahili kina maneno mengi yenye ng', na kwa sababu hiyo kosa hili linatupata sisi mara nyingi. Kwenye kipande hiki cha rasimu mhariri hajapinga chochote alichokisema mwandishi. Anampa ujuzi wa njia ambayo ujumbe utapita, na ujuzi huo ukishaandikwa pembeni mara moja hauna haja ya kurudiwa.

Sheria isigeuzwe fimbo

"Kimethibitishwa kitaalamu" na "bei nafuu kuliko wote" ni maneno ambayo wahariri wengi huyakata kwa kuandika "kisheria haturuhusiwi". Komenti hiyo inatisha na haifundishi. Mwandishi hawezi kujua ni neno gani lililovunja sheria, wala ni sheria ipi, kwa hiyo kwenye rasimu inayofuata ataogopa kusema lolote lenye nguvu, hata lile lililo kweli tupu. Matangazo ya kampuni yatapooza.

Afadhali kueleza. Tanzania ina Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayokataza kumpotosha mlaji na kutoa madai ya uongo kuhusu bidhaa, na msimamizi wake ni Tume ya Ushindani. Kenya ina Sheria ya Kulinda Walaji ya mwaka 2012. Kwa hiyo kwenye "kuliko wote" mhariri anaweza kuandika: "Ili tuseme hivi, tunahitaji bei za washindani wote tarehe ya kutuma, na wao hubadili bei bila kutuambia. Mmoja akishusha kesho, tangazo letu linakuwa la uongo likiwa tayari kwenye simu za watu. Nimeweka bei yetu halisi, mfugaji alinganishe mwenyewe."

Kwenye "kimethibitishwa kitaalamu" panahitaji swali kabla ya mkasi, kwa sababu mhariri huenda hajui mwandishi alimaanisha nini. Labda alimaanisha yale majaribio ya ng'ombe 12. Labda alimaanisha alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS, iliyochapwa kwenye mfuko. Ni mambo mawili tofauti. Alama ya ubora husema kwamba bidhaa imekidhi kiwango kilichowekwa. Haisemi kwamba ng'ombe ataongeza maziwa. Sentensi ya rasimu imeyaunganisha, na mfugaji ataelewa kwamba shirika la serikali limeahidi maziwa maradufu. Hapa ningeandika: "SWALI: Uthibitisho ni wa nani? Kama ni alama ya TBS, tuitaje peke yake, mbali na maziwa, kwa sababu TBS haikupima maziwa. Kama ni majaribio yetu, namba zake tayari zimo kwenye sentensi, hivyo maneno haya tunaweza kuyaacha." Mhariri akiwa na shaka na sheria yenyewe, aandike waziwazi kwamba ana shaka, kisha amtaje mwanasheria wa kampuni kwa alama ya @ kwenye komenti hiyohiyo ili taarifa imfikie. Kujifanya una hakika kwenye mambo ya sheria ni hatari kuliko kunyamaza.

Kwenye "Piga sasa" sababu ni fupi. Meseji za matangazo mara nyingi hutumwa kwa jina la kampuni badala ya namba, na jina hilo mpokeaji hawezi kulipigia wala kulijibu. Ameambiwa apige, hana pa kupiga. Vivyo hivyo "ofa ya muda mfupi" haina tarehe wala bei, kwa hiyo mfugaji hajui kama anapaswa kwenda leo au baada ya kuuza maziwa ya mwisho wa mwezi. Komenti moja inatosha kwa yote mawili: "Akimaliza kusoma, afanye nini, lini, kwa shilingi ngapi? Nimeongeza namba, tarehe na bei."

Linabaki suala la ladha. Mhariri wa mfano wetu hapendi alama ya mshangao baada ya "Mfugaji", anaiona kama mtu anayeitwa kwa sauti sokoni. Ana haki ya kusema hivyo, ila aseme ukweli kwamba hiyo ni ladha: "PENDEKEZO: Ningeweka mkato hapa, sauti ishuke kidogo. Ni ladha yangu tu, ukipenda iache." Mhariri anayevalisha ladha yake vazi la kanuni hupoteza uaminifu. Siku mwandishi atakapogundua kwamba nusu ya "kanuni" zake zilikuwa mapenzi yake binafsi, atazitilia shaka na zile za kweli, ikiwamo ya ndoo ya mfugaji.

Mwandishi anapojibu

Baada ya masahihisho hayo meseji ikawa hivi:

"Mfugaji, ng'ombe 12 waliokula chakula chetu siku 30 waliongeza wastani wa lita 2 kwa siku. Mfuko wa kilo 50 ni sh 45,000 hadi Juni 30. Piga 07XXXXXXXX."

Ina herufi 151. Sasa tazama mwandishi aliyepewa sababu anavyojibu. Hasemi "Sawa". Anaandika chini ya komenti ya kwanza: "Dada, kama tunamfikiria mfugaji na ndoo yake, hapa anaweza kuelewa kwamba ng'ombe wote 12 kwa pamoja waliongeza lita 2. Nashauri 'kila mmoja'." Yuko sahihi kabisa, na kasoro hiyo ni ya mhariri. Ameiona kwa kutumia kipimo alichopewa na mhariri mwenyewe. Akiongeza "kila mmoja" meseji inafika herufi 162, imezidi kwa mbili, na kwa kuwa anajua kikomo na gharama yake, analitoa neno "ni" kabla ya bei. Herufi 159. Meseji moja, bei ya moja:

"Mfugaji, ng'ombe 12 waliokula chakula chetu siku 30 waliongeza wastani wa lita 2 kila mmoja kwa siku. Mfuko wa kilo 50 sh 45,000 hadi Juni 30. Piga 07XXXXXXXX."

Hapo ndipo unapojua kama komenti zako zinafanya kazi. Ukiona "Sawa, sawa, sawa" chini ya kila moja, usifurahi haraka. Huenda mwenzako ametii bila kuelewa. Ukiona anauliza, anapinga, anakuletea ushahidi, au anakusahihisha kwa hoja yako mwenyewe, ujue sababu zimefika. Kipimo kingine ni rasimu yake inayofuata. Komenti ileile ikirudi kwa mara ya tatu kwa mtu yuleyule, basi sababu haikueleweka, au haikuandikwa popote anapoweza kuiona tena.

Hili la mwisho lina chanzo chake kwenye programu zenyewe. Katika Google Docs, ukihariri ukiwa kwenye "Suggesting", kila badiliko hupata kisanduku chake pembeni, na ndani yake unaweza kuandika sababu. Mwandishi akilikubali badiliko, kisanduku kinaondoka machoni. Komenti ya kawaida nayo ikibonyezwa "Resolve" hutoweka pembeni. Na ukiwa umeibandika komenti juu ya neno, kisha neno lenyewe likafutwa, komenti hupoteza pa kushikilia. Kwa hiyo ibandike kwenye neno litakalobaki, au kwenye badiliko lenyewe, na uchague maneno machache yanayohusika badala ya kupaka rangi aya nzima. Mwandishi anayekuta aya nzima imepakwa njano hana njia ya kujua ni neno lipi lililokukwaza. Sababu zinazojirudia, kama hii ya kialama cha ng', zihamishiwe kwenye mwongozo wa uandishi wa idara, hata ukiwa ni ukurasa mmoja tu.

Mpangilio wa kusoma nao una uzito. Isome rasimu mpaka mwisho kwanza bila kugusa chochote. Anza na makubwa: inasemwa na nani, kwa nani, na ushahidi uko wapi. Hakuna faida ya kunyoosha herufi kwenye sentensi ambayo dakika tano baadaye utasema iondoke yote. Makosa ya kupiga chapa hayahitaji sababu. Yarekebishe, halafu juu ya rasimu weka komenti moja ya kusema umeyarekebisha. Kosa likijirudia mara sita, lieleze lilipotokea mara ya kwanza, na kwingineko andika "kama hapo juu". Mwandishi anayekabiliwa na komenti arobaini huzisoma zote kwa uzito mmoja, na ile ya "LAZIMA" huzama kati ya zile za mikato.

Rasimu ya mkubwa wako

Ofisini kwetu heshima ina uzito, na ni vema iwe hivyo. Ugumu huja rasimu ikiwa ya mtu aliyekuzidi umri au cheo. Wengi hapo hufunika sababu kwa adabu: "Samahani sana mzee, labda pengine kama utaona inafaa, tungeweza kuliangalia tena neno hili." Mzee anaisoma, anaona ameombwa radhi, hajui kwa nini, anaendelea. Adabu ikae kwenye namna ya kumwita na kumwomba. Sababu yenyewe ibaki imenyooka. "Mzee, naomba uliangalie hili kabla hatujatuma: ripoti ya majaribio inasema lita 2, na hapa tumesema maradufu." Hakuna kilichovunjwa hapo, na hoja imefika nzima.

Kosa likiwa zito, la namna ya kuiaibisha kampuni au kumdhuru mteja, mpigie kwanza au uende mezani kwake, ndipo uandike pembeni mlichokubaliana. Kumbuka kwamba komenti husomwa na kila aliyefunguliwa rasimu hiyo, wakiwamo vijana walio chini yake, na pengine mteja. Neno lililoonekana la kawaida kwa sauti husomeka kali likiandikwa. Wala si busara kuendelea kubishana pembeni. Mkishajibizana mara tatu kwenye komenti moja bila kuafikiana, inueni simu, kisha mmoja aandike uamuzi na sababu yake, maana atakayeifungua rasimu wiki ijayo hakuwepo kwenye simu.

Na kabla faili halijaenda kwa mteja au kwa mchapaji, hakikisha komenti zimefutwa kweli. Katika Word, kuchagua "No Markup" huzificha tu. Zingali ndani ya faili, na atakayelifungua upande wa pili anaweza kuziona zote. Yakubali au uyakatae mabadiliko yote, futa komenti, hifadhi nakala mpya, ndipo utume. Ile yenye komenti ibaki kwenu, kwa sababu ndiyo yenye kumbukumbu ya kwa nini kila neno limekaa lilivyokaa.

Kazi hii inataka muda, na hapo ndipo ninapowaelekea wakuu wa idara za masoko. Rasimu inayomfikia mhariri saa kumi jioni ili meseji itumwe saa kumi na moja itapata "Hapana" na "Badilisha", kwa sababu hakuna nafasi ya kutafuta ripoti ya majaribio wala kuhesabu herufi. Wekeni kwenye ratiba siku moja kamili kati ya rasimu na kutuma. Mhariri apewe faili la ushahidi pamoja na rasimu, asiachiwe alitafute mwenyewe. Na kila komenti ya "LAZIMA" inayorudi bila sababu, mrudishieni aliyeiandika aikamilishe kabla haijamfikia mwandishi.